Msikoke Moto Vyumbani

Watu wa Horní Kyčera, kijiji cha Wacheki karibu na mpaka, walimwita Zdislava Valchařová "Mslovakia wetu", naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Baba yake, Ondrej, alikuwa ametoka ng'ambo ya mlima, upande wa Slovakia, enzi zile Wacheki na Waslovakia walipokuwa nchi moja. Ilipogawanyika, akarudi kwao peke yake. Zdislava alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Baba akaoa mke mwingine huko, akatuma kadi za Krismasi mpaka alipochoka, kisha akafa, na habari ya kifo chake ikafika baada ya mazishi.

Alichomwachia binti yake kilikuwa kidogo, na pengine ndiyo maana Zdislava alikishika kwa mikono miwili. Alikuwa na lafudhi. Alipochangamka kwenye harusi angeweza kutamka maneno kadhaa kwa ulaini ule wa Kislovakia, na wenzake wa rika lake wakamshangilia, maana wao hawakuwa na hata hayo. Wazee wa kijiji walikuwa wameikulia lugha ile kwenye televisheni ya nchi moja, wakaielewa bila kufundishwa. Waliozaliwa baadaye waliisikia kama mtu anavyomsikia jirani akiongea nyuma ya ukuta: unajua anaongea nini, mpaka uulizwe amesema nini hasa.

Zdislava alifanya kazi katika ofisi ya kijiji. Alipokea maombi ya vibali, akafungua maktaba jioni, na kila katikati ya wiki alisoma matangazo kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo za umeme kila mtaa. Kwa hiyo sauti yake ilijulikana hata na mbwa.

Majira hayo ya baridi kijiji kilialika kikundi cha wanawake waimbaji kutoka Vyšná Rovňa, ng'ambo ya mpaka, waje kwa sherehe za kabla ya Kwaresima. Wengi wao walikuwa wajane na wastaafu. Wangelala katika shule ya zamani, ambayo madarasa yake ya juu yalikuwa yamegeuzwa vyumba vya wageni. Nyumba ile haikuwa na mabomba ya joto. Kila chumba kilikuwa na jiko lake la vigae la kuni, na msimamizi wake, mzee Vendelín Mikulka, aliyajua yale majiko moja moja, lipi linavuta vizuri na lipi linatoa moshi upepo ukigeuka.

Meya, Bohdan Šenkeřík, alikuwa na wasiwasi mmoja tu. Majira ya kupukutika majani, mgeni mmoja alilala na sigara mdomoni akaunguza godoro. Akataka kila chumba kiwekwe tangazo, maneno machache tu: wageni waheshimiwa, tunaomba msivute sigara vyumbani, kuna hatari ya moto, asanteni. Kwa Kicheki tangazo lilikuwa tayari.

"Bandika hilo hilo," akamwambia Zdislava. "Wale wanatuelewa sisi kuliko tunavyowaelewa wao."

"Ndiyo maana na sisi tujisumbue kidogo," Zdislava akajibu. "Mgeni akifika kwako umsemeshe kwa lugha yake. Nitaliandika mimi kwa Kislovakia."

Meya akasema si vibaya, ila basi amwonyeshe mke wa mwokaji mikate, yule aliyeolewa kutoka huko, alipitishie macho.

"Nimwonyeshe nini, Bohdan? Lugha ya baba yangu mwenyewe?"

Meya akacheka, akainua mikono. Mambo yakaishia hapo.

Zdislava aliketi na ile karatasi, akaifanyia kazi kwa bidii ya mtu anayeandika barua ya mapenzi. Wageni, ambao kwa Kicheki ni *hosté*, akawaandika *hostia*, na alikuwa sahihi. Neno *pokoj*, ambalo kwa Kicheki ni chumba, akaliepuka, maana alikumbuka kwamba kwa Waslovakia hilo kwanza kabisa ni amani na utulivu, akaweka *izba*. Hapo alijipongeza. *Požár*, moto unaounguza nyumba, akaufanya *požiar*. *Děkujeme* ikawa *ďakujeme*. Yote sawa.

Likabaki neno moja, *nekuřte*, msivute sigara. Hapa alitumia kanuni, na kanuni yenyewe haikuwa ya uongo. Herufi *ř* Waslovakia hawana. Mahali pake huwa na *r* ya kawaida. Na pale Mcheki anaposema *ou*, mara nyingi Mslovakia husema *ú* ndefu: unga ni *mouka* huku na *múka* kule, mahakama ni *soud* huku na *súd* kule. Basi *kouřit*, kuvuta sigara, itakuwa *kúriť*, na msivute itakuwa *nekúrte*. Akaliandika. Lilionekana la Kislovakia kabisa. Na lilikuwa la Kislovakia kabisa, ila ng'ambo ya mlima halihusu sigara. Ng'ambo ya mlima *kúriť* ni kukoka moto, kupasha nyumba joto.

Akachapisha karatasi kwa herufi kubwa, akazipamba pembeni kwa maua, akapanda mwenyewe shuleni akazibandika juu ya vitanda. Mzee Vendelín alikuwa chini uani akipasua kuni. Hakuzisoma. Alijua walichotaka kuandika, na mtu hasomi anachokijua.

Wageni walifika Ijumaa jioni, baridi imeuma mpaka theluji inalia chini ya viatu. Vendelín alikuwa amekoka majiko yote mapema, vyumba vikawa vya kuvulia koti. Kando ya kila jiko aliacha kapu la kuni kavu na vijiti vya kuwashia, akaenda zake nyumbani. Watu wazima, aliwaza, tena wanawake wa milimani, hawahitaji kuonyeshwa jinsi ya kutupia gogo ndani ya jiko.

Ukumbini Zdislava ndiye aliyewakaribisha. Aliwaambia kwa sauti ya kulegea kwamba na yeye ni damu yao. Kiongozi wa kikundi aliitwa Želmíra Hanuliaková, fundi cherehani mstaafu, mrefu, mwenye macho ya kupima watu kama anataka kuwashonea. Zdislava akamwita "Želmíro", akibadilisha mwisho wa jina kama Wacheki wanavyofanya wanapomwita mtu. Waslovakia hawafanyi hivyo. Kwao jina la mtu ukiliita linabaki lilivyo. Wale wanawake wakatazamana, wakatabasamu kwa adabu. Zdislava akalichukua tabasamu lile kuwa ni la furaha.

Aliyekuwa mkubwa kuliko wote alikuwa Bibi Anastázia Krajčíová, mwimbishaji. Mwili wake ulikuwa mdogo kama wa msichana, lakini alipoanzisha wimbo mezani, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, watu waliokuwa wakila maandazi ya jemu waliyaweka chini. Zdislava alilia. Alikuwa na hakika baba yake aliujua wimbo ule.

Wageni wakaenda kulala. Wakaona maua, wakaona maandishi. Tangazo liliwaambia kwa lugha yao, bila kosa hata moja la herufi, wasikoke moto vyumbani kwa sababu kuna hatari ya nyumba kuungua. Waliona ajabu kuachiwa kuni halafu kukatazwa kuzitumia, lakini Želmíra akasema huenda wenyeji wana mtu wao wa kukoka, na bomba la moshi huenda ni bovu, na mgeni hafanyi ubishi siku ya kwanza. Moto uliokuwemo ukafa wenyewe. Alfajiri maji ya kwenye glasi yalikuwa na ngozi ya barafu.

Jumamosi hakuna aliyelalamika. Walizunguka kijiji na msafara wa vinyago, nyumba hadi nyumba, wakapewa soseji na slivovice, pombe kali ya plamu, wakacheza na mtu aliyevishwa nyasi kama dubu. Zdislava alisikia kwamba sauti zao zinakwaruza, akadhani ni pombe na upepo. Bibi Anastázia alikohoa kwenye kitambaa, akasema si kitu. Usiku ule wakalala na makoti, wawili wawili kitanda kimoja, na majiko yakabaki baridi kama mawe ya mtoni.

Jumapili asubuhi Želmíra alishuka kwa miguu mpaka ofisi ya kijiji, ambako Zdislava na meya walikuwa wakipanga viti vya kurudisha ukumbini. Akasema Bibi Anastázia anawaka homa na anapumua kwa shida. Gari la wagonjwa likaja likamchukua. Lilipoondoka, meya alipanda ngazi za shule, akaingia chumbani, na pumzi yake ikatoka mdomoni kama moshi.

Akamwita Vendelín. Mzee alifika na kofia mkononi, na mbele ya wale wanawake wote waliojifunga shali, meya akamfokea. Akamuuliza kama ni ng'ombe hawa, wa kuachwa wagande.

"Nimewakokea Ijumaa," Vendelín akasema. "Kuni hizo hapo. Hazijaguswa. Mimi nifanye nini kama hawataki?"

Želmíra akakunja uso. "Tulitaka sana, mzee. Lakini mlitukataza."

"Nani kawakataza?"

Akanyoosha kidole ukutani. Meya akasogea, akasoma, midomo ikitembea. Akasema hapa pameandikwa wasivute sigara, basi. Želmíra, kama mwalimu asiyejua aanzie wapi, akamwambia polepole kwamba hapana, hapo pameandikwa wasikoke moto. Kuvuta sigara kwao ni neno jingine kabisa, *fajčiť*. Vendelín alichukua miwani yake mfukoni, akasoma karatasi ile kwa mara ya kwanza, akafumba macho. Yeye alikuwa wa kizazi cha televisheni ya nchi moja. Angelijua neno lile hata kama angeulizwa usingizini.

"Kumbe," meya akasema, akageuka. "Zdislava. Umeliandikaje hili?"

Zdislava alikuwa amesimama mlangoni. Damu ilimpanda usoni mpaka masikio yakamwasha. Angeweza kusema. Neno lilikuwa dogo, na watu wote wa kuambiwa walikuwa pale pale. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe, ile ile ya matangazo, iliyonyooka:

"Nilikuwa na kazi nyingi. Nililitoa kwenye kompyuta, ile programu ya kutafsiri."

Meya akapumua, akailaani kompyuta. Waslovakia wakageuka kuitazama karatasi. Vendelín peke yake hakuitazama karatasi tena. Alimtazama Zdislava, tena si kwa hasira, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe kumtazama yeye.

Siku zilizofuata zikawa mbaya kwa namna ya kimyakimya. Kule dukani walitania kuhusu kompyuta. Wakasema kesho itawakataza kula. Zdislava alicheka nao, akarudi nyumbani akajifungia bafuni. Lakini mzaha haukuishia kwenye kompyuta. Wengine walianza kusema kwamba hata hivyo, Vendelín alikuwa msimamizi. Angepita Jumamosi akague. Kuna aliyesema mzee amechoka sasa. Vendelín akasikia. Akaenda ofisini, akaweka funguo za shule mezani mbele ya Zdislava, akasema wamtafute mwingine mwenye macho. Akatoka bila kusubiri jibu, na Zdislava hakumwita.

Kilichomla zaidi ni jambo ambalo hakuna aliyeweza kulijua. Siku ile ya kuandika, neno *fajčiť* lilimjia. Lilimjia lenyewe, na sauti ya baba yake: anasimama kizingitini na koti mabegani, anasema anatoka kidogo kuvuta. Alilisikia wazi kabisa. Akalisukuma kando, kwa sababu kwa Wacheki neno hilo ni la vijiweni, tusi la mambo ya chumbani, na aliona haiwezekani liandikwe kwenye tangazo la serikali ya kijiji. Aliona haya kwa niaba ya baba. Kitu kimoja cha kweli alichokuwa nacho cha lugha ile alikitupa, akaweka mahali pake kitu alichokitengeneza kwa kanuni.

Na kama angebandika tangazo la Kicheki, kama alivyoambiwa, hakuna ambaye angelala na baridi.

Akapanda basi kwenda hospitali ya wilaya. Alibeba supu ya kuku kwenye chupa ya kutunza joto. Bibi Anastázia alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mrija wa hewa puani, mdogo kuliko alivyokuwa. Kitanda cha pili alilala mwanamke wa Kicheki aliyevunjika nyonga, na Zdislava alitamani asiwepo, lakini alikuwepo, tena macho makavu.

Zdislava hakujaribu lafudhi. Alisema kwa Kicheki cha kawaida kwamba lile tangazo aliliandika yeye mwenyewe. Hakukuwa na kompyuta. Alikuwa amejidai anajua. Alisema na habari ya Vendelín. Alisema yote kwa pumzi moja kisha akabaki ameishika ile chupa ya supu kwa mikono miwili.

Bikizee alijiinua kidogo kwenye mito. Akasema kwa sauti iliyobaki:

"Sikiliza, mwanangu. Wewe si mbaya. Wewe ni *sprostá* tu."

Zdislava akahisi kama amepigwa kofi. Kwa Kicheki mwanamke *sprostá* ni mwenye mdomo mchafu, asiye na adabu, wa maneno ya kuficha watoto. Akawaza kwamba labda Bibi amejua lile neno alilolikataa. Alikuwa tayari kuinama, kukubali, kuondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake ya maisha: kusikia nusu, kujaza nusu, na kutikisa kichwa. Akasimama, akakaa tena.

"Samahani, Bibi," akasema. "Hilo neno kwenu lina maana gani?"

"Mjinga," Bibi Anastázia akasema. "Hujui? Mjinga, mpumbavu. Ulidhani nini?"

Zdislava akamwambia alichodhani. Yule mwenye nyonga akaanza kucheka mpaka akajishika ubavu, na Bibi Anastázia naye akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu kilichomleta muuguzi. Zdislava alitolewa nje akae kwenye korido. Alikaa akisikiliza kile kikohozi nyuma ya mlango, akijua ni chake yeye.

Alipoitwa tena kuaga, bikizee alikuwa amefumba macho. Alimuuliza baba yake alitoka kijiji gani. Zdislava akataja. Akauliza jina la ukoo la huyo baba, maana Valchařová lilikuwa la mama. Akataja.

"Simjui," Bibi Anastázia akasema, akafungua jicho moja. "Na yule mzee aliyetukokea moto siku ya kwanza. Umemwambia?"

Zdislava akasema bado.

"Sasa mimi unaniambia nini? Mimi ni mgeni, nitaondoka."

Katikati ya wiki, Zdislava aliketi mbele ya kipaza sauti kama kawaida. Ukapigwa muziki wa kufungulia. Akasoma kwamba Alhamisi watakusanya karatasi chakavu. Akasoma kwamba fundi wa kunoa visu atakuwa mbele ya duka. Kisha, bila kubadilisha sauti, kwa sababu alijua akiibadilisha itakatika, akasema kwamba lile tangazo la shuleni halikutoka kwenye kompyuta. Alilitafsiri yeye, Zdislava Valchařová, alikataa likaguliwe, akakosea, kisha akadanganya. Bwana Vendelín Mikulka alikoka moto, akaacha kuni, hakuwa na kosa lolote. Yeye Zdislava haijui lugha hiyo, akasema, wala hajawahi kuijua vizuri. Muziki wa kufungia ukapigwa. Akasahau kuzima swichi, meya akaja akaizima.

"Haikuwa lazima kijiji kizima," meya akasema, bila kumtazama.

"Kwa kijiji kizima ndiko nilikojidai," akajibu.

Akachukua funguo akaenda kwa Vendelín. Njiani mapazia yalisogea. Mzee alifungua mlango nusu, na nyuma yake kulinukia kabichi iliyochacha na moshi wa kuni. Zdislava akaanza kusema aliyoyapanga, lakini alikatizwa.

"Nimesikia. Kipaza sauti kiko juu ya dirisha langu."

"Nimekuletea funguo, mzee wangu."

Vendelín alizitazama kiganjani mwa Zdislava. Akasema theluji ikiyeyuka atafikiria. Kwa sasa goti linamsumbua. Wote wawili walijua goti halikuwa na shida. Hakumkaribisha ndani, wala hakufunga mlango kwa kishindo. Alisema tu kwamba chumba cha mwisho jiko lake linahitaji kufunguliwa hewa kabla ya kuwashwa, atakayechukua kazi aambiwe. Zdislava akarudi na funguo mfukoni.

Bibi Anastázia alirudi kwao kabla ya Pasaka. Želmíra aliandika kwamba anatembea, anapika, anagombeza wajukuu, ila pumzi za kuimbisha hazijarudi na daktari hasemi kitu. Wimbo anauanzisha mwingine sasa. Barua ilikuwa ya adabu na haikumlaumu mtu. Zdislava alipita kwa mke wa mwokaji ampe jibu lake alisahihishe kabla ya kulituma. Mwanamke yule alijifuta unga mikononi, akasoma, akasahihisha maneno mengi kuliko Zdislava alivyotarajia.

Kijiji kilimchukulia vizuri, kwa kweli. Walimsalimia, walimletea mayai, walizungumza naye mambo ya kibali na ya mvua. Ila hakuna aliyemwita tena Mslovakia wetu, hata kwa utani, hata wakiwa wamelewa. Kwenye harusi ya kwanza ya majira ya joto bendi ilipopiga wimbo wa ng'ambo, watu walitazama sahani zao, wakimhurumia. Naye aligundua kwamba lile jina analikumbuka, kwamba angependa mtu aliseme mara moja tu, na kulikumbuka huko nako kukamtia haya.